Sembe ya 2023 na dola ya 2024: njia mbili ambazo bei zilipanda Dodoma

Januari 2023, gunia la kilo 100 la mahindi lilikuwa limevuka shilingi 100,000 katika masoko mengi ya nchi. Mwaka mmoja kabla, gunia hilohilo lilipatikana kwa karibu nusu ya fedha hizo. Wanaoishi Dodoma wanakumbuka kipindi kile: sembe ilipanda wiki hadi wiki, maharage yakafuata, mchele ukawa chakula cha wenye nafasi. Katika miezi hiyohiyo dola ya Marekani ilikuwa imetulia kwenye shilingi 2,300 na kidogo, na mwaka mzima wa 2022 ilikuwa haijasogea kwa kiasi cha kumshtua mtu.

Baadaye mambo yakageuka. Kuanzia mwaka 2023 shilingi ilianza kuteleza, na kufikia Oktoba 2024 dola moja ilikuwa inauzwa shilingi 2,700 na zaidi. Dola zenyewe zilikuwa adimu kiasi kwamba waagizaji walisubiri foleni benki. Hata hivyo gunia la mahindi lilikuwa limeshashuka, na wastani wa mfumuko wa bei kwa mwaka mzima wa 2024 ulikuwa asilimia 3.1, chini hata ya ule wa 2023.

Watu wengi waliyaunganisha maumivu hayo mawili, wakasema sembe ilipanda kwa sababu shilingi ilianguka. Kalenda inakataa. Sembe ilipanda shilingi ikiwa imesimama, na shilingi ilianguka sembe ikiwa inashuka. Nashikilia jambo hili kwa sababu anayeumizwa na moja si lazima awe ndiye anayeumizwa na jingine, na anayedhani ni kitu kimoja hujikinga upande usiko na hatari.

Mfumuko unapima kasi

Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ambayo makao yake makuu yako hapahapa Dodoma, hutoa kila mwezi Fahirisi ya Bei za Mlaji. Wanachukua kapu la bidhaa na huduma ambazo kaya hununua, wanakusanya bei zake mikoani, kisha wanalinganisha na bei za mwezi kama huo mwaka uliopita. Tofauti hiyo kwa asilimia ndiyo mfumuko wa bei wa mwaka.

Tuseme kilo ya sembe ilikuwa shilingi 1,000, mwaka uliofuata ikawa 1,500, na mwaka wa tatu ikawa 1,545. Mfumuko wa sembe ulikuwa asilimia 50 mwaka wa pili na asilimia 3 mwaka wa tatu. Mtangazaji akisema mfumuko umeshuka kutoka 50 hadi 3, anasema kweli. Mama anayenunua sembe naye akisema bei haijashuka, anasema kweli vilevile, kwa maana anatoa shilingi 1,545 mahali alipokuwa akitoa 1,000. Kilichopungua ni kasi ya kupanda. Kama kipato chake hakikuongezeka kwa zaidi ya nusu katika miaka hiyo miwili, bado ana pengo, na pengo hilo halionekani katika takwimu ya mwaka wa tatu.

Kapu lenyewe nalo linaficha jambo. Katika kapu linalotumika sasa, lililojengwa juu ya bei za mwaka 2020, chakula na vinywaji visivyo na kilevi vina uzito wa kama asilimia 28. Huo ni wastani wa matumizi yote ya kaya, na mwenye matumizi makubwa huhesabika zaidi kwa sababu fedha zake ni nyingi. Kaya ya kibarua inayotumia zaidi ya nusu ya kipato chake kwa chakula haifanani na kapu hilo. Januari 2023 mfumuko wa jumla ulitangazwa kuwa asilimia 4.9, ndani ya lengo la Benki Kuu la asilimia 5. Mfumuko wa chakula peke yake ulikuwa unakaribia asilimia 10, na wa mahindi ulikuwa juu zaidi ya hapo. Hakuna aliyedanganya. Ila kila kaya ina mfumuko wake, na ule wa wanaokula sembe mara mbili kwa siku ulikuwa mkali kuliko uliotangazwa.

Mahindi yalivyopanda bila dola kusogea

Mvua za msimu wa 2021/22 zilikuwa mbaya sehemu nyingi za nchi. Mbolea ilikuwa imepanda mno katika soko la dunia, hasa baada ya Urusi kuivamia Ukraine Februari 2022, na wakulima wengi walipanda bila mbolea au kwa kiasi kidogo. Kenya ilikuwa katika ukame mkali na wanunuzi wake walikuja kununua huku. Mahindi yakawa machache na wanaoyataka wakawa wengi.

Mkoa wa Dodoma huwa wa kwanza kuyasikia haya. Mvua hapa ni za msimu mmoja, zinaanza karibu na Desemba na kukatika Aprili, na mara nyingi zinakatika katikati kwa wiki kadhaa wakati mahindi yanatoa mbelewele. Ndiyo maana wazee walishikilia uwele na mtama. Mkulima mdogo wa Bahi au Chamwino huvuna mwezi wa tano na wa sita, huuza magunia machache harakaharaka ili alipe ada na madeni, kisha Januari au Februari ghala likiwa tupu hurudi sokoni kununua. Anauza mahindi yakiwa bei ya chini kabisa na kununua yakiwa bei ya juu kabisa. Ni mkulima mwezi wa sita na ni mlaji mwezi wa pili, kwa hiyo bei ya mahindi inapopanda hafaidiki kama watu wa mjini wanavyodhani. Aliyefaidika ni yule aliyekuwa na ghala, iwe kijijini au katika soko la nafaka la Kibaigwa.

Namna hii ya kupanda kwa bei Benki Kuu haina dawa yake ya haraka. Tangu Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania inaongoza sera yake kwa riba: ilianza na asilimia 5.5, ikapandisha hadi 6 Aprili mwaka huo, na Julai 2025 ikashusha hadi 5.75. Riba ikipanda mikopo inakuwa ghali, watu wanapunguza kununua, na bei zinazopandishwa na fedha nyingi mtaani hupoa. Lakini riba hainyeshi mvua. Penye uhaba wa mahindi, kinachosaidia ni mahindi yenyewe, na ndiyo sababu Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hupeleka nafaka ya akiba na kuiuza kwa bei nafuu katika wilaya zilizobanwa.

Dola inavyoingia dukani

Thamani ya shilingi ikishuka, bei hupanda kwa njia nyingine kabisa. Hakuna bidhaa iliyopungua shambani. Kilichobadilika ni idadi ya shilingi zinazohitajika kununua dola, na dola ndiyo inayonunua petroli, vipuri, ngano, mafuta ya mawese, dawa na simu.

Zamani mabadiliko haya yalikuwa uamuzi wa Serikali. Katika bajeti ya Juni 1986, mwaka ambao nchi ilifikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi ilishushwa kutoka kama 17 hadi 40 kwa dola. Mwalimu Nyerere alikuwa amelikataa sharti hilo kwa miaka mingi. Wengi walitegemea bei zilipuke, lakini mfumuko uliendelea kuzunguka asilimia 30 kama ulivyokuwa kabla, kwa sababu bidhaa nyingi zilikuwa tayari zinauzwa kwa magendo kwa kufuata dola ya magendo, iliyokuwa mbali mno na ile ya benki. Kilichobadilishwa kilikuwa bei ya kwenye karatasi, na mtaani ilikuwa imeshabadilika siku nyingi.

Kilichotokea 2023 na 2024 hakikutangazwa bungeni. Tangu miaka ya 1990 shilingi inapata bei yake sokoni, benki zinanunua na kuuziana dola, na Benki Kuu huingia pale tu inapoona inayumba kupita kiasi. Safari hii Benki Kuu ya Marekani ilikuwa imepandisha riba kutoka karibu sifuri hadi juu ya asilimia 5 kati ya Machi 2022 na Julai 2023, na fedha za dunia zikaelekea huko. Gharama za kuagiza mafuta na mbolea zilikuwa zimekula dola nyingi. Nchi ambazo zinaagiza zaidi ya zinavyouza ziliishiwa pumzi moja baada ya nyingine, na yetu ikiwemo.

Tuangalie petroli, kwa kuwa hesabu yake iko wazi. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na ndani ya kanuni yake kuna gharama ya mafuta kwa dola pamoja na kiwango cha kubadilisha dola hiyo. Chukua mfano wa lita inayofika bandarini kwa senti 70 za dola. Dola ikiwa shilingi 2,300, lita hiyo ni shilingi 1,610. Dola ikiwa 2,700, ni shilingi 1,890. Zimeongezeka shilingi 280, ingawa kule ng'ambo bei haikusogea hata senti moja. Sasa ongeza tozo, ushuru, faida ya wauzaji na usafiri hadi Dodoma, tuseme shilingi 1,300. Hizi zimepangwa kwa shilingi na hazifuati dola moja kwa moja. Bei ya pampu imetoka 2,910 kwenda 3,190.

Dola ilipanda kwa asilimia 17, petroli ikapanda kwa chini kidogo ya asilimia 10. Karibu kila bidhaa iko hivyo: ndani yake kuna sehemu ya dola na sehemu ya shilingi, na dola inavuta sehemu yake tu. Kwenye kipuri cha pikipiki sehemu ya dola ni kubwa. Kwenye chapati ni ngano na mafuta, lakini mkaa, kodi ya kibanda na mkono wa mpishi ni vya hapa. Kwenye ugali wa mahindi ya Kongwa ni ndogo sana, yaani dizeli ya lori na mashine ya kusaga, na mbolea kama mkulima alitia. Hiyo ndiyo sababu kuu shilingi iliweza kupoteza karibu asilimia 15 ya thamani yake huku mfumuko ukibaki asilimia 3: vitu vizito katika kapu letu hulimwa nchini, na mavuno ya misimu ile yalikuwa mazuri.

Hapa pia inafaa kutenganisha jambo la tatu linalochanganywa na haya mawili. Mwaka 2022 petroli ilivuka shilingi 3,000 dola ikiwa imetulia, kwa sababu pipa la mafuta ghafi lenyewe lilipanda duniani. Serikali ikalazimika kuweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni. Shilingi haikuwa na kosa. Ukitaka kujua ni kipi kimepandisha petroli ya mwezi huu, tazama katika tangazo la EWURA kama ni bei ya soko la dunia iliyobadilika au ni kiwango cha dola. Mara nyingi huelezwa humohumo.

Alizeti, mazao ya nyumbani yanayofuata dola

Mtu anaweza kusema basi ninunue vya hapa tu nisalimike. Alizeti inaonyesha kwa nini haiko hivyo kila wakati. Dodoma na Singida ndiyo kitovu cha alizeti nchini. Mbegu zinalimwa hapa, zinakamuliwa kwenye mashine za hapa, mafuta yanauzwa kwenye madumu kando ya barabara. Sehemu yake ya dola ni ndogo.

Lakini nchi haitoshelezi mahitaji yake ya mafuta ya kula, na pengo linajazwa na mawese kutoka Malaysia na Indonesia. Shilingi ikishuka, dumu la mawese linapanda. Wapishi, mama lishe na wenye maduka wanageukia alizeti, na mwenye kinu anaona foleni. Anapandisha bei, kwa sababu mshindani wake amepanda. Gharama zake hazijaongezeka kwa kiasi hicho, ila soko limempa nafasi. Kwa hiyo mama wa Chang'ombe analipia dola kwenye mafuta ya alizeti iliyolimwa Mkalama.

Pesa hiyo ya ziada haipotei. Inaenda kwa mwenye kinu, na ikiwa mbegu zinagombewa, sehemu yake inamfikia mkulima. Hili ni jema na silipingi, kwani mkulima wa alizeti ameonewa na mawese ya bei rahisi miaka mingi. Hali ni hiyohiyo kwa wanaouza nje, kama wakulima wa mbaazi wa Kondoa: dola ikipanda, mbaazi ileile inaleta shilingi nyingi zaidi. Sharti ni kwamba mnunuzi awepo na mkulima ajue bei. Mwaka 2017 India ilipoweka kizuizi cha kuingiza mbaazi, bei iliporomoka vijijini hata mavuno yakakosa wa kuyachukua, na hakuna kiwango cha dola ambacho kingewaokoa. Na pale ambapo mkulima anauza kwa dalali mmoja tu asiyetaja bei ya bandarini, nyongeza ya dola huishia kwa dalali.

Kaya mbili na pikipiki moja

Nitumie kaya mbili za mfano. Ya kwanza ni ya kibarua anayepata shilingi 300,000 kwa mwezi, na 180,000 kati ya hizo zinakwenda kwenye chakula. Ya pili ni ya mtumishi wa umma mwenye 1,500,000, ambaye chakula kinachukua 400,000 na petroli ya gari 250,000.

Mwaka wa mahindi mabaya, tuseme chakula kinapanda kwa asilimia 30 na vingine havisogei. Kibarua anahitaji shilingi 54,000 zaidi ili ale kama alivyokula, sawa na asilimia 18 ya kipato chake. Mtumishi anahitaji 120,000, ambazo ni asilimia 8 ya chake. Mtumishi ataacha kujenga uzio mwezi huo. Kibarua hana cha kuacha isipokuwa chakula chenyewe: watoto wanakula mara moja, maharage yanageuka mlenda mtupu, na ada ya mwezi wa kwanza inakopwa kwenye kikoba.

Mwaka wa dola mbaya hali ni tofauti. Kibarua ana mafuta ya kula ya shilingi 20,000, nauli ya 30,000, na sabuni na vidogovidogo vya 20,000. Vikipanda kwa asilimia 10 hadi 12, anaongezewa shilingi 7,000 na kidogo, chini ya asilimia 3 ya kipato. Mtumishi petroli inamwongezea 25,000, na ukijumlisha matairi, simu, dawa na mafuta ya kula anaweza kufika 50,000, zaidi ya asilimia 3 kidogo. Hapa aliye juu ndiye anayeguswa zaidi, kwa kuwa maisha yake yana dola nyingi ndani.

Kwa hiyo nikiulizwa kipi kinamuumiza maskini wa kanda ya kati zaidi, nitajibu bila kusita: mfumuko wa chakula, kwa mbali sana. Kelele kubwa za mwaka 2024 zilikuwa za dola kwa sababu wenye sauti ndio waliokuwa wanaumia. Januari 2023 walioumia hawakuwa na mtu wa kuwasemea.

Lakini kuna watu ambao hesabu ya kaya haiwaonyeshi, na dereva wa bodaboda ndiye mfano wangu mkubwa. Petroli kwake ni mtaji wa kazi. Akichoma lita 3 kwa siku, ile nyongeza ya shilingi 280 inamtoa 840 kila siku, na kwa siku 26 za kazi ni shilingi 21,840. Juu yake kuna tairi, mnyororo na oili, vyote vya dola. Hesabu ya mwenye pikipiki haipungui. Abiria wa kutoka stendi kuu ya Nzuguni hadi mjini naye anajua nauli yake na hakubali kuongezwa, kwa kuwa nyuma yake wako madereva wengine wanne wanaoita. Mtu huyu gharama zake zinafuata dola na mapato yake yanafuata mfuko wa abiria. Yuko pamoja na fundi wa friji anayenunua gesi na vipuri, mwenye duka la dawa la mtaani, na mkandarasi mdogo aliyeshinda zabuni kwa bei ya shilingi miezi minane kabla ya kununua nondo. Kushuka kwa shilingi kunawabana watu wa aina hii kuliko mlaji wa kawaida, na mlaji huhisi baadaye wanapofunga kazi.

Tofauti nyingine ni nani anaweza kudai fidia. Mei Mosi 2025, sherehe zikifanyika Singida, kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kilitangazwa kupanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Nyongeza ya namna hiyo huja baada ya miaka kadhaa ya kupungukiwa, lakini inakuja. Kibarua wa kuchimba msingi Iyumbu hana meza ya kudai. Wala mwanakikundi aliyeweka akiba yake ndani ya sanduku la VICOBA mwaka mzima, ambaye akigawiwa Desemba anakuta fedha zile haziwezi kununua magunia aliyoyapiga hesabu.

Bei inapogoma kushuka

Desemba 2024 shilingi iliinuka ghafla. Dola iliyokuwa 2,700 ilirudi karibu na 2,400 ndani ya wiki chache, mauzo ya nje na dhahabu yakiwa yameleta dola na Benki Kuu ikiwa imekaza. Wengi walitegemea maduka yashushe. Petroli hufuata, tena kwa kuchelewa, kwa sababu kanuni inailazimisha. Vipuri havikufuata. Muuzaji atakwambia mzigo wa rafuni ulinunuliwa kwa dola ya zamani, na hilo ni kweli kwa miezi miwili au mitatu. Baada ya hapo si kweli tena. Kinachobaki ni hofu yake kwamba dola itapanda upya, na kukosa mshindani wa kumlazimisha. Hofu hiyo haikuwa ya bure, kwa sababu kufikia Aprili na Mei 2025 dola ilikuwa imerudi karibu na 2,700.

Mwaka 2011 ulionyesha yote mawili yakija pamoja. Bwawa la Mtera lilikauka kiasi cha kuleta mgao mkali wa umeme, viwanda vikawasha majenereta ya dizeli, chakula kikapanda Afrika Mashariki nzima. Shilingi nayo ilianguka kutoka kama 1,500 hadi karibu 1,800 kwa dola mwezi Oktoba. Benki Kuu ikabana fedha, na kufikia mwisho wa mwaka dola ilikuwa imeshuka chini ya 1,600. Lakini mfumuko ulifika kilele chake, asilimia 19.8, Desemba hiyohiyo, shilingi ikiwa imeshapona. Chakula na umeme vilikuwa bado ghali, na bei zilizokwisha kupandishwa kwa ajili ya dola hazikuteremka. Ilichukua zaidi ya mwaka mzima mfumuko kurudi chini ya asilimia 10.

Kwa mtu wa hapa yapo majira ambapo vitu hivi viwili hukutana bila hata mwaka kuwa mbaya. Shilingi huwa na nguvu zaidi katika nusu ya pili ya mwaka, watalii wanapokuja na korosho, tumbaku na pamba zinapouzwa nje, kisha hulegea kuanzia Januari hadi Mei dola zinapopungua. Mahindi nayo hufika bei ya juu kabisa kati ya Januari na Machi. Mwenye mashine ya kusaga, dereva wa bodaboda na mkulima aliyeuza yote mwezi wa sita wote hukutana na miezi hiyo wakiwa wameishiwa. Anayetaka kujua kinachokuja aangalie vitu viwili tofauti: mwezi wa Desemba, kama mvua imeanza Dodoma na nyanda za juu na gunia Kibaigwa linauzwaje, na kuanzia Januari, dola inauzwa shilingi ngapi benki. La kwanza likiwa baya, fedha ya kuweka akiba ndani ya shilingi haifai kusubiri hata mwezi: ni afadhali igeuzwe mahindi mapema, yakaushwe vizuri na kuhifadhiwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa, maana dumuzi nao hula asilimia yao. La pili likiwa baya peke yake, gunia la ziada halitamsaidia sana mkulima, na mwenye pikipiki ndiye anayepaswa kununua tairi lake kabla ya Machi.